Warsha ya mboji na afya ya udongo: siku moja, mikutano miwili au msimu mzima?

Mboji huchukua miezi miwili hadi minne kukomaa, na katika nyanda za juu zenye baridi huweza kuchukua muda mrefu zaidi, ilhali warsha ya wakulima kwa kawaida huchukua siku moja. Matatizo mengi ya mwandaaji hutokana na tofauti hiyo. Washiriki hujenga lundo asubuhi, hula chakula cha mchana, hupewa kadi ya kumbukumbu na kurudi nyumbani kabla lundo halijafanya lolote. Kupanda kwa joto, kugeuza, harufu zinazoashiria kasoro na dalili za kukomaa hubaki kuwa maneno tu, na hayo ndiyo mambo yanayomshinda mkulima anapokuwa peke yake.

Makala hii inalinganisha mipangilio mitatu ambayo afisa ugani au kiongozi wa kikundi anaweza kuchagua: warsha ya siku moja, warsha ya mikutano miwili iliyopishana kwa wiki tatu, na shamba darasa la msimu mzima. Mfano ninaoutumia ni wa kikundi cha wakulima 25 wa milima ya Usambara, upande wa Lushoto, wanaolima mahindi, maharage na mboga kwenye miteremko na wanaojiandaa kwa mvua za masika zinazoanza mwezi Machi.

Vigezo vya ulinganisho

Kila mpangilio utapimwa kwa maswali yale yale. Swali la kwanza ni hatua gani za lundo mshiriki ataziona kwa macho na kuzigusa kwa mikono, kati ya kujenga, kupata joto, kugeuza, kukomaa na kutumika shambani. La pili ni maonyesho gani ya afya ya udongo yanaweza kufanyika kwa uaminifu katika muda uliopo. La tatu ni kadi itabeba kazi gani, kwa kuwa kadi inayokumbusha jambo lililoonekana huandikwa tofauti na kadi inayojaribu kueleza jambo ambalo mshiriki hajaliona. La nne ni mzigo unaomwangukia mwandaaji na muda unaomtoka mkulima. Hatimaye tutaangalia mahali ambapo kila mpangilio huelekea kuharibika na watu unaowafaa.

Lundo lenyewe, ili tulinganishe kitu kimoja

Mipangilio yote mitatu inatumia lundo la juu ya ardhi, lenye upana na urefu wa mita moja na nusu na kimo cha mita 1.2 hivi. Likiwa dogo zaidi ya mita moja kila upande, joto hutoroka na lundo halichemki. Shimo linafaa maeneo makavu kama Dodoma kwa sababu huhifadhi unyevu, lakini kwenye mvua za Usambara hujaa maji na mboji huvunda.

Chini hulegezwa udongo kwa jembe na kutandazwa mabua au vijiti vinene vinavyoruhusu hewa kupita. Kisha hufuata tabaka zinazorudiwa hadi kimo kitimie: makavu yaliyokatwakatwa, kama majani makavu ya migomba, nyasi na mabua, kwa kina cha shibiri moja, mabichi, kama alizeti pori na majani ya maharage, kwa kina cha upana wa kiganja, samadi kwa kina cha vidole vitatu, konzi kadhaa za udongo wa juu, na maji. Majivu hunyunyizwa kwa wembamba sana, kwani yakizidi huifukuza naitrojeni hewani. Lundo la ukubwa huu likijengwa kwa vifaa vikavu huweza kunywa madebe kumi hadi kumi na tano ya maji, na ni vema kulijua hilo mapema kabla ya kuchagua uwanja ulio mbali na kijito. Mwishoni lundo hufunikwa kwa nyasi au majani ya mgomba, na kijiti kirefu hupenyezwa kwa mshazari hadi katikati.

Kijiti hicho ndicho kipimajoto cha mkulima. Kikichomolewa siku ya tatu hadi ya tano kinapaswa kuwa cha moto na chenye unyevu. Kikiwa baridi na kikavu, lundo linahitaji maji. Kikiwa baridi lakini kimelowa, ama mabichi na samadi ni kidogo mno ama maji yamezidi na hewa imekosekana. Ndani ya lundo zuri joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za selsiasi, kiasi kinachoua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa, ilimradi lundo ligeuzwe ili sehemu za nje nazo ziingie katikati.

Mpangilio wa kwanza: siku moja

*Hatua zinazoonekana.* Kwa hali ya kawaida ni moja tu, yaani kujenga. Upungufu huu una dawa, nayo ni kuwa na malundo ya umri tofauti kwenye uwanja mmoja. Mwenyeji wa warsha hujenga lundo la kwanza takriban wiki kumi na mbili kabla ya siku yenyewe, la pili wiki tatu kabla, na la tatu siku nne au tano kabla. Siku ya warsha washiriki hujenga la nne, kisha hutembea kutoka lundo hadi lundo: kwenye lundo la siku tano huchomoa kijiti na kukishika, kwenye la wiki tatu hushiriki kuligeuza, na kwenye lililokomaa huchukua konzi ya mboji na kuinusa. Mwandaaji asiyeweza kuandaa malundo hayo anakuwa amepunguza warsha yake hadi somo la kupanga tabaka, na kwa maoni yangu ni bora asogeze tarehe.

Ratiba inayotosheka ni hii. Kuanzia saa tatu asubuhi washiriki huangalia udongo wa shamba la mwenyeji na kufanya onyesho moja au mawili. Saa nne na nusu wanaanza kukata vifaa na kujenga, kazi ambayo kwa watu 25 wenye mapanga na majembe ya kutosha huchukua kama saa moja na nusu. Baada ya chakula wanatembelea malundo ya umri tofauti, na saa ya mwisho wanapitia kadi mstari kwa mstari, kila mmoja akiwa na kadi yake mkononi. Nimeona waandaaji wakigawa kadi mlangoni watu wanapoondoka. Kadi iliyogawiwa hivyo haina mwalimu.

*Maonyesho ya udongo.* Linalopendwa zaidi ni la mabonge mawili kwenye maji. Bonge moja hutoka shamba linalolimwa kila msimu na jingine hutoka kwenye mpaka wenye nyasi ambao haujachimbwa kwa miaka mingi. Kila bonge huwekwa juu ya wavu ndani ya chombo kinachopitisha mwanga, kisha maji hujazwa taratibu. Bonge lenye mboji ya asili na mizizi hubaki limeshikana, na lile lililochoka humomonyoka na kuanguka chini ya chombo.

Onyesho hili lina mitego mitatu. Mabonge yanapaswa kuwa yamekaushwa kivulini kwa siku kadhaa, kwa kuwa bonge lenye unyevu halivunjiki hata kama udongo wake umechoka. Pia yanapaswa kutoka mteremko mmoja wenye udongo wa aina moja. Bonge la msituni na bonge la bondeni huonyesha tofauti ya aina ya udongo, na mkulima mwenye macho makali atalisema hilo mbele ya wote. Mtego wa tatu unawahusu watu wa Usambara hasa: udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma huweza kushikana vizuri majini hata ukiwa na mboji kidogo, hivyo mabonge yote mawili husimama imara na mwezeshaji hubaki bila somo. Jaribu nyumbani wiki moja kabla. Ukiona hakuna tofauti, tumia onyesho la maji kuzama: chukua makopo mawili makubwa yaliyotobolewa juu na chini, yazamishe kidogo kwenye udongo, moja shambani na jingine kwenye mpaka wenye nyasi, mimina kiasi kilekile cha maji na uhesabu muda unaopita hadi maji yaishe.

*Kazi ya kadi.* Ni kubwa kuliko katika mpangilio mwingine wowote, kwa sababu mwalimu hatarudi. Upande mmoja uwe na mchoro wa tabaka, vipimo vikiwa vya mkono: shibiri, kiganja, vidole vitatu. Upande wa pili uwe na dalili nne na tiba zake. Kijiti baridi na kikavu kinaelekeza kuongeza maji. Harufu kali ya mkojo inaelekeza kugeuza na kuchanganya makavu. Harufu ya yai bovu inaelekeza kufumua, kuingiza hewa na kufunika mvua isiingie. Ukungu mweupe uliokauka kama majivu unaelekeza kugeuza na kumwagilia. Chini kabisa ziachwe nafasi tatu za tarehe, yaani ya kujenga, ya kugeuza mara ya kwanza na ya kugeuza mara ya pili. Mshiriki aandike tarehe ya kugeuza palepale, pamoja na siku atakayojenga lundo lake.

*Mzigo.* Kwa mkulima ni mwepesi, siku moja tu. Kwa mwandaaji ni mzito, na uzito wake hauonekani: lazima apate mwenyeji mwaminifu miezi mitatu kabla na ahakikishe malundo yamejengwa kwa tarehe zilizopangwa.

*Unapoharibika.* Lundo lililojengwa siku ya warsha ni mali ya mwenyeji, na mara nyingi hakuna anayeligeuza tena. Washiriki nao hukutana na tatizo lao la kwanza siku ya nne, kijiti kinapotoka baridi, na wasipokumbuka maana yake huacha.

*Unawafaa nani.* Unawafaa watu wanaotoka vijiji vya mbali, wafanyabiashara wa mboga wasioweza kuacha soko mara nyingi, na kikundi ambacho tayari kina mtu mmoja au wawili wanaotengeneza mboji na wanaoweza kuulizwa baadaye.

Mpangilio wa pili: mikutano miwili

*Hatua zinazoonekana.* Ni tatu: kujenga, kupata joto na kugeuza. Mkutano wa kwanza ni wa kujenga lundo la kikundi. Kati ya mikutano, kila mshiriki hujenga lake nyumbani. Mkutano wa pili, wiki tatu baadaye, huanza kwa kugeuza lundo la kikundi na kuendelea kwenye malundo mawili au matatu ya washiriki wenyewe, ikiwezekana moja lililofaulu na moja lililokwama.

Hili lililokwama ndilo darasa lenyewe. Tuseme lundo la mmoja wa akina mama wa kikundi halikuwahi kupata joto. Mwezeshaji asianze kwa kueleza. Achukue uma, afumue lundo upande mmoja na kuwaacha washiriki waseme wanachokiona. Kama majani makavu ya migomba yamebaki makavu, yamelaliana bapa bila kukatwa na yamezuia maji kushuka, jibu linapatikana bila kitabu: yakatwe, yachanganywe na samadi na alizeti pori, yamwagiliwe yanapopangwa upya. Kipimo cha maji ni kukamua konzi moja kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili na konzi ikabaki imeshikana, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika yamezidi. Konzi ikisambaratika bado ni kavu. Mshiriki akiuliza, "Mwalimu, langu lilichemka wiki ya kwanza kisha likapoa, je limeharibika?" ajibiwe kwa kulifumua lundo lake. Mara nyingi ndani limeishiwa hewa au limekauka, na likigeuzwa na kumwagiliwa hupata joto tena baada ya siku chache.

*Maonyesho ya udongo.* Nafasi ya wiki tatu huruhusu jambo ambalo siku moja hairuhusu, yaani kumpa mshiriki kazi ya nyumbani. Katika mkutano wa kwanza kila mmoja hupewa jukumu la kuleta mabonge mawili ya shamba lake, moja la katikati ya shamba na moja la mpakani, yaliyokaushwa kivulini. Katika mkutano wa pili mabonge hayo huzamishwa pamoja, na mkulima anayeona la kwake likimomonyoka huku la jirani yake likisimama huuliza maswali yasiyotoka kwenye ratiba ya mwezeshaji. Hata udongo mwekundu unaoshikana huwa na faida hapa, kwani mjadala huhamia kwenye swali la kwa nini maji bado hayazami ingawa bonge halivunjiki, na jibu mara nyingi ni tabaka gumu lililotengenezwa na jembe chini kidogo ya uso wa shamba. Chimba shimo la kina cha jembe na nusu mbele yao, uligonge kwa kisu kutoka juu kwenda chini, na tabaka hilo litajitambulisha.

*Kazi ya kadi.* Kadi hugawiwa mara mbili, au kwa usahihi zaidi, hujazwa mara mbili. Katika mkutano wa kwanza ina mchoro wa tabaka na jedwali dogo lenye siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na moja, ambapo mkulima huchora alama moja kwa kijiti cha moto na nyingine kwa kijiti baridi. Asiyesoma anaweza kuijaza. Siku ya mkutano wa pili kadi zilizojazwa humwonyesha mwezeshaji kwa haraka ni nani alijenga na tatizo lilianza siku gani. Upande wa nyuma hujazwa baada ya kugeuza, kwa maneno ambayo kikundi kimekubaliana.

*Mzigo.* Mkulima hutoa siku moja na nusu pamoja na kazi ya nyumbani. Mwandaaji hana haja ya malundo ya umri tofauti, ingawa gunia moja la mboji iliyokomaa kutoka kwa mkulima mwingine linahitajika ili washiriki waijue harufu na mwonekano wake. Gharama ya usafiri wa mwezeshaji ni mara mbili.

*Unapoharibika.* Mahudhurio ya mkutano wa pili ndiyo kitovu cha tatizo. Wasiojenga lundo huona haya na hawaji, na hao ndio waliohitaji kuja. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutangaza tangu mwanzo kwamba anayekuja bila lundo atashika uma wa kugeuzia na hataulizwa lolote. Kasoro nyingine ni kwamba washiriki hawaoni kukomaa wala kutumika, hivyo baadhi huweka shambani mboji ambayo bado haijaiva, na mahindi machanga hugeuka njano kwa sababu vijidudu vinavyoendelea kuozesha mabaki hushindana na mmea kwa naitrojeni.

*Unawafaa nani.* Unakifaa kikundi cha kijiji kimoja au vijiji viwili jirani, hasa chenye wanachama wanaokutana tayari kwa shughuli nyingine kama kuweka na kukopa.

Mpangilio wa tatu: shamba darasa la msimu mzima

*Hatua zinazoonekana.* Zote tano. Njia ya shamba darasa ilianzishwa nchini Indonesia mwaka 1989 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa wakulima wa mpunga waliopambana na wadudu, na baadaye ikaenea Afrika Mashariki kwa mazao mengi. Kikundi cha watu 20 hadi 30 hukutana mara kwa mara katika shamba moja, huchunguza, hujadili na kuamua. Kwa mboji, mikutano ya kila wiki mbili inatosha hadi kupanda, kisha inaweza kufuata palizi.

*Maonyesho ya udongo.* Hapa onyesho kubwa ni shamba lenyewe. Panga vipande viwili vya mita tano kwa tano, kimoja kikiwa na konzi mbili za mboji kwa kila shimo na kingine bila mboji, huku mbegu, tarehe ya kupanda na palizi vikiwa sawa. Kama wakulima wanatumia mbolea ya dukani, ongeza kipande cha tatu chenye mboji na nusu ya mbolea hiyo, kwa kuwa hilo ndilo swali watakalouliza mwishoni.

Kikundi pia hupata muda wa kujaribu kama mboji imeiva. Makopo mawili hujazwa, moja udongo mtupu na jingine udongo na mboji nusu kwa nusu, na mbegu za mchicha hupandwa katika yote mawili. Baada ya wiki moja hivi, miche ya kopo lenye mboji ikiota kwa uchache au ikidumaa kuliko ya kopo jingine, mboji ingojewe. Jaribio hili halimgharimu mtu chochote, na linafaa kuingizwa hata kwenye mipangilio mingine ikiwa muda upo.

*Kazi ya kadi.* Inageuka kabisa, kwa kuwa kadi huandikwa mwishoni na wakulima wenyewe. Mwezeshaji huuliza: mgeni akitaka kuanza kesho, mtamwambia mambo gani sita? Mambo wanayoyachagua hutofautiana na ya kitabu. Mara nyingi huanza na mahali pa kupata maji, hufuata namna ya kuwazuia kuku wasifukue lundo, kisha magugu yasiyopaswa kuwekwa, kama ndago na sangari, yanayochipuka upya kutoka kwenye mizizi yake. Kabla ya kuichapisha, kadi isomwe na watu wawili ambao hawakuwa kwenye darasa, na wajaribu kueleza wangefanya nini.

*Mzigo.* Ni mkubwa kwa kila upande. Mkulima hutoa nusu siku mara kumi au zaidi, na akina mama wenye watoto wadogo hupungukiwa mahudhurio mikutano inapoingiliana na palizi. Mwandaaji anahitaji mwezeshaji anayekaa karibu, na shamba ambalo mwenyewe hatabadili mawazo katikati ya msimu.

*Unapoharibika.* Vipande vya majaribio huharibika kwa upendo wa kupita kiasi: mwenye shamba humwagilia kipande cha mboji na kukisahau kile kingine, na matokeo hupoteza maana. Msimu mbaya wa mvua nao huweza kufuta tofauti yote. Vilevile mwaka mmoja ni mfupi kwa afya ya udongo. Kuzama kwa maji na ushikamano hubadilika polepole kuliko mavuno, na kikundi kielezwe hivyo mapema.

*Unawafaa nani.* Unakifaa kikundi kinachodumu, chenye shamba la pamoja, katika kata ambayo afisa ugani anaishi.

Mstari mmoja usiokosekana kwenye kadi yoyote

Wawezeshaji wengi huacha hesabu ya kiasi, na wakulima huijutia. Lundo la vipimo nilivyotaja hupungua hadi nusu au chini yake, na hubaki kama kilo 600 hadi 700 za mboji yenye unyevu. Konzi mbili zilizojaa ni kama gramu 325. Kwa hiyo lundo moja hutosha mashimo 2,000 hivi. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mashimo hayo huchukua mita za mraba 900, yaani chini kidogo ya robo ekari. Mkulima wa ekari moja anahitaji malundo manne au zaidi, na huenda hana mabua na samadi ya kiasi hicho. Akilijua hilo siku ya kwanza, ataamua mboji iende kwenye vitalu vya mboga au kwenye sehemu ya mteremko iliyochakaa zaidi, na ekari iliyobaki ataihudumia kwa matandazo, mikunde na samadi. Asipolijua, atatawanya mboji kidogo juu ya ekari nzima, haoni mabadiliko, na huenda asijenge lundo tena.

Kuchagua kulingana na hali

Kikundi cha mfano wetu kinataka mboji iwe imekomaa mwanzoni mwa Machi. Ukihesabu kurudi nyuma miezi mitatu, lundo lijengwe mapema Desemba, wakati mvua za vuli bado zinatoa majani mabichi na maji yako karibu. Hiyo ina maana mpangilio wa pili ungekuwa na mkutano wa kwanza wiki ya kwanza ya Desemba na wa pili karibu na Krismasi, kipindi ambacho wengi wana wageni. Usogezwe siku chache mbele au nyuma. Lundo halitaharibika kwa kugeuzwa siku ya kumi na nane au ya ishirini na tano.

Ikiwa tayari ni katikati ya Januari, mikutano miwili bado inawezekana, lakini mboji italenga mboga za baadaye na isiahidiwe kwa mahindi ya masika. Siku moja yenye malundo ya umri tofauti haiwezekani kwa dharura hiyo, isipokuwa kama jirani ana mboji inayoendelea kuiva na yuko tayari kuwapokea wageni.

Ikiwa fedha zinatosha safari moja tu ya mwezeshaji na washiriki wanatoka kata kadhaa, chagua siku moja, na fedha zilizobaki ziende kwa mwenyeji atakayejenga malundo ya awali, kabla ya kufikiria fulana, mabango au kadi za karatasi ya gharama. Kadi ya manila iliyochorwa vizuri na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki inatosha.

Ikiwa wakulima wameshajaribu mboji na kukata tamaa, mpangilio wa pili unawafaa kuliko wa kwanza, kwa kuwa wao wanajua kujenga. Kinachowasumbua ni kilichotokea baadaye, na hilo linahitaji kufumua malundo yao.

Ikiwa swali la kikundi ni kama mboji inalipa kuliko mbolea ya dukani, warsha ya siku moja au mbili haitalijibu hata ikiendeshwa vizuri kiasi gani. Hapo panahitajika vipande vya majaribio na msimu mzima, au ziara kwa kikundi kilichokwisha kuvipanda.

Na kama kikundi kina mnyauko wa viazi au nyanya mashambani, mwandaaji wa mpangilio wowote aamue kabla ya siku ya kwanza kwamba mabaki ya mimea iliyougua hayataingia kwenye lundo la mafunzo. Lundo la mkulima anayejifunza halipati joto sawa kila mahali, na kadi ionyeshe hivyo kwa mchoro wa mmea ulionyauka uliokatwa kwa mstari mwekundu.